Mpelekee Waya wa Breki: Mwongozo wa Kumzawadia Msanii wa Dodoma

Ukitaka kumpa msanii zawadi isiyomfaa kitu, Dodoma huna haja ya kuhangaika. Zunguka mjini kati, ingia duka lolote lenye maua ya plastiki mlangoni, uliza kama wana kikombe chenye picha ya gitaa. Watakuwa nacho. Kama rafiki yako ni mchoraji, kipo chenye picha ya brashi. Kama ni mwandishi, ipo kalamu nene ya dhahabu bandia ndani ya kasha la mahameli, wino wake umekauka tangu bandarini. Ifunge kwa karatasi inayong'aa, mkabidhi mbele za watu, mpigwe picha, irushe kwenye kundi la Wasapu. Atashukuru kwa moyo wote maana ana adabu zake, na kuanzia siku hiyo atakuwa ameongezewa kitu kimoja cha kupangusa vumbi. Na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi halimpi mtu likizo.

Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya watu hao wema. Umeandikwa kwa wachache wenye nia mbaya, wanaotaka zawadi yao itumike, iishe, na ikiisha itafutwe nyingine. Hao ni watu wa hatari. Wanamwezesha msanii kufanya kazi, na msanii akishafanya kazi sisi wengine tunapata taabu, kwa kuwa itabidi twende kumsikiliza.

Tuanze na mpiga zeze, maana huyo ndiye msanii wa Ugogo ambaye hakuna duka linalomhudumia. Mpiga gitaa anaagiza nyuzi Dar es Salaam, zinafika na treni ya umeme kabla chai haijapoa. Mpiga kinanda ana mafundi wake. Mpiga zeze hana pa kuagiza. Kibuyu anakipata kwa jirani, ngozi anaipata kwa mchinja mbuzi, mti anauchonga mwenyewe. Duka lake la vifaa vya muziki, ukilitazama vizuri, ni banda la fundi baiskeli. Huko ndiko uende.

Kabla hujaenda, mkumbuke Hukwe Zawose. Alizaliwa Doelo, hapa hapa mkoani Dodoma, akachukuliwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere kwa sababu ya mikono na sauti yake, akafundisha na kuishi Bagamoyo, akarekodi na watu wa Ulaya, na akafariki mwishoni mwa mwaka 2003 dunia ya muziki ikiwa imemjua. Zeze na ilimba zake alizikuza, akaziongezea nyuzi na funguo kupita zilivyozoeleka kwa wazee wake. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanawake wa ukoo huo, wakatoa albamu yao iitwayo Maisha, na wanapiga ala ambazo zamani zilihesabiwa kuwa za wanaume. Katika safari yote hiyo sijawahi kusikia mahali kikombe chenye picha ya gitaa kilipotoa msaada. Nyuzi, ndiyo. Bila nyuzi hakuna Zawose.

Basi, zawadi ya kwanza ni waya wa breki ya baiskeli. Mpya, wa breki ya nyuma, ambao ni mrefu kuliko wa mbele. Fundi atakuuliza ni kwa baiskeli gani. Mwambie ya rafiki yako, hujadanganya sana. Ila usinunue kwa kufumba macho. Tazama ncha iliyokatwa. Waya mzuri wa breki, wenye unene kama milimita moja na nusu, umesukwa kwa nyaya ndogo kumi na tisa: mmoja katikati, sita zikiuzunguka, na kumi na mbili nje yake. Kila kawaya kana unene wa karibu milimita 0.3, na huo ni unene unaokaribia sana ule wa uzi mwembamba kabisa wa gitaa lenye nyuzi za chuma. Ndiyo kusema kwa bei ya waya mmoja wa breki umebeba nyuzi kumi na tisa za muziki, na fundi hajui. Ukikuta ncha yenye nyaya saba tu, nene, huo urudishe. Utasimamisha baiskeli vizuri lakini kwenye zeze hautapanda mpaka sauti inayotakiwa bila kuvunja kitu, na kitakachovunjika kitakuwa shingo ya zeze.

Unaweza kumpelekea rafiki yako waya huo kama ulivyo, atajua la kufanya. Lakini kama unataka kuonekana mtu aliyefikiri, usukue mwenyewe. Kata kwa plaizi kile kichwa kilichoyeyushiwa mwishoni. Bana ncha moja kwenye jiliwa, au mwombe fundi akubanie, kisha anza kuzizungusha nyaya za nje kinyume cha msuko wake, moja baada ya nyingine, bila kuvuta kwa hasira. Zile kumi na mbili za nje hutoka zikiwa na mawimbi, kwa sababu zilizoea kuzunguka. Sita za ndani zina mawimbi kidogo. Ule wa katikati hutoka umenyooka kabisa, na huo ndio wa kumwekea kando kwa uzi wa sauti ya juu. Zenye mawimbi hazina kosa: ukifunga ncha moja kwenye msumari na nyingine ukaining'inizia tofali usiku mzima, asubuhi utakuta mawimbi mengi yamelala. Vaa miwani wakati wa kazi hiyo. Ncha ya waya inayoruka haijui kama wewe ni mfadhili wa sanaa.

Kisha zikunje kwa duara pana kama sahani ya wali. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakishapata nyaya zao nzuri wanazikunja kama risiti na kuzitia mfukoni, na kila mahali palipopinda kwa pembe ndipo uzi utakapokatikia. Zipake mafuta kidogo ya cherehani kwa kitambaa, zifunge, umemaliza.

Ukitaka kujua kama zawadi yako ilifanya kazi, subiri uzi ukatike, kwa maana utakatika. Uzi wa zeze ni kitu cha kuisha. Mwulize rafiki yako umekatikia wapi. Ukikatikia kwenye kigingi, tatizo si waya bali ukingo mkali wa tundu, na msasa kidogo unatosha. Ukikatikia juu ya kidaraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, basi kijiti kimechimbika ufa unaoubana waya; kinahitaji kusuguliwa au kubadilishwa. Ukikatikia katikati, mahali pasipogusana na kitu, ni kutu au ni pale ulipokunja kwa pembe. Hilo la mwisho ni lako. Mpelekee waya mwingine bila maelezo.

Namna ya kukabidhi nayo ina ufundi wake. Msanii ana staha, hapendi kuonekana anasaidiwa. Usiseme, "Nimekuona huna nyuzi." Sema, "Kaka, nilikuwa natengeneza baiskeli, hizi zimebaki." Ataziangalia, atakuangalia wewe, atakumbuka kwamba hujawahi kuwa na baiskeli, na atakaa kimya. Huo ndio urafiki.

Upinde wa zeze unataka kitu kingine ambacho watu hawakioni kabisa: ulimbo. Nyuzi za upinde zikiwa kavu na safi huteleza juu ya waya bila kutoa sauti, au hutoa sauti ya mtu anayefagia chumba cha pili. Ulimbo ndio unaozifanya zishike na kuachia, zishike na kuachia, mara nyingi kwa sekunde moja, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Wazee walitumia utomvu wa miti. Kipande kimoja cha ulimbo uliogandishwa, ule wanaotumia wapiga fidla, hukaa muda mrefu sana na hubebeka kwenye bahasha. Utajua kama ameuzidisha ukiona unga mweupe umetapakaa juu ya ngozi ya zeze na sauti imekuwa ya kukwaruza. Apanguse kwa kitambaa kikavu. Usiusahau kwenye gari lililoegeshwa juani pale Nyerere Square. Utayeyuka, na kiti cha gari ndicho kitakachokuwa na uwezo wa kupiga zeze.

Kuna zawadi moja ya kisasa ambayo ni lazima niikataze kwa jina: programu ya simu ya kupimia sauti. Watu wa mjini huipenda sana, kwa sababu hailipiwi na inamwonyesha mzee wa Chamwino taa nyekundu. Ukweli ni kwamba muziki wa Kigogo haukupangwa kwa hatua za kinanda cha kanisani. Umejengwa juu ya sauti zilizomo ndani ya uzi wenyewe. Shika zeze, gusa uzi kidogo bila kuukandamiza katikati yake kabisa, upige: utasikia sauti ya juu kama filimbi. Gusa kwenye theluthi, kisha robo, kisha sehemu ya tano, ya sita, ya saba, na kuendelea. Zile zinazofuatana huko juu ndizo ngazi ambazo waimbaji wa Kigogo wanapanda, na ndizo ambazo ilimba inalinganishwa nazo. Sasa, sauti ya sehemu ya saba iko chini ya ile inayokaribiana nayo kwenye kinanda kwa karibu theluthi ya hatua ndogo ya kinanda. Ya sehemu ya tano nayo iko chini, ingawa kwa kiasi kidogo. Simu itasema mzee amekosea. Mzee hajakosea, simu imetengenezwa na watu waliogawanya ngazi yao kwa vipande kumi na viwili vinavyolingana, na yeye hakuwahi kusaini mkataba huo. Ukimpa rafiki yako programu hiyo, na kama ni kijana asiyejiamini, atavuta ilimba yake mpaka taa iwe ya kijani, na hapo utakuwa umeua kwa zawadi moja kitu ambacho ukame wa miaka mingi haukukiua.

Ilimba yenyewe inahitaji misumari. Funguo zake ni vipande vya chuma, na mafundi wengi hufua misumari mikubwa mpaka iwe bapa upande mmoja. Mpelekee misumari ya inchi sita, robo kilo hivi, na usiongeze ushauri. Kama utaalikwa kutazama ikifuliwa, utaona inagongwa ikiwa baridi. Kuna sababu. Chuma kinachogongwa kikiwa baridi hukakamaa na kuwa na mrejeo, nao huo mrejeo ndio unaoimba. Ukikipasha moto mpaka kiwe chekundu na kukiacha kipoe taratibu, hulainika, na ufunguo wake utatoa sauti fupi, ya kuguna, inayokufa kabla kidole hakijaondoka. Mpwa mwenye haraka ambaye ameambiwa "saidia kufua" hukimbilia jiko la mkaa kwa sababu chuma cha moto ni chepesi kugonga. Kwa hiyo zawadi ya misumari iambatane na nyundo nzuri na mpwa awekwe mbali. Kipande cha nta ya nyuki nacho kinafaa: donge dogo likibandikwa chini ya ncha ya ufunguo huiteremsha sauti kidogo, na hiyo ni njia ya kurekebisha bila kulegeza kila kitu.

Lakini zawadi kuu ya mpiga ilimba haina bei, na ndiyo itakayokugharimu amani ya nyumbani. Ni buibui. Sanduku la ilimba ya Kigogo huwa na tundu linalofunikwa kwa utando mweupe, mwembamba kama karatasi, ule ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Utando huo hutetemeka sauti inapopita na kuipa ule mlio wa kuvuma, kama nyuki walio mbali. Mgeni husikia akadhani ala imepasuka. Haijapasuka, bila mvumo huo wenyewe wanaona sauti iko uchi. Utando huchanika, hulowa, hutobolewa na mtoto, kwa hiyo lazima ubadilishwe, na unapatikana mahali pamoja tu: kwenye kuta ambazo hazijafagiliwa.

Unaona tatizo. Nyumba za siku hizi za Iyumbu na Kisasa zina dari nyeupe, na ufagio wa mpini mrefu unapita kila Jumamosi. Mpiga ilimba aliyehamia mjini hana buibui. Kwa hiyo jitolee. Waachie kona moja ya stoo. Mkeo au mumeo akiuliza, mwambie unafadhili utamaduni. Miduara ile myeupe ikishaachwa na vitoto, ibandue taratibu kwa wembe, ipange kati ya kurasa za daftari, na mpelekee rafiki yako. Katika ala nyingine za Afrika zenye mvumo kama huo watu hutumia karatasi ya sigara au nailoni nyembamba, na hizo pia ni zawadi, ingawa ya kwanza itakuletea maswali kutoka kwa mchungaji.

Wapiga muheme, wale akina mama wanaobana ngoma zao mapajani na kuwafanya wanasiasa wasahau hotuba, nitawapitia haraka kwa sababu zawadi yao ni rahisi. Ni kuni. Ngozi ya ngoma hulegea hewa ikiwa na unyevu, na kabla ya kupigwa huota moto mpaka ikaze. Mwandaaji wa sherehe huandaa jukwaa, vipaza sauti, maji ya chupa, halafu anawaweka akina mama kwenye ukumbi wa vigae pasipo pa kuwasha hata kiberiti. Mzigo mmoja wa kuni kavu na uwanja wa nyuma wenye ruhusa ya kuwasha moto, basi.

Kitu cha mwisho kwa mwanamuziki ni namna ya kusafiri. Kutoka Chamwino kuja mjini si mbali, lakini zeze likiwekwa kwenye buti la basi chini ya gunia la karanga, umbali haujalishi. Begi la ala za Kigogo haliuzwi, kwa hiyo lishonwe. Peleka zeze lenyewe kwa fundi cherehani, usipeleke vipimo vya kichwani, maana kibuyu hakifuati rula. Nje liwe turubai, ndani sponji la godoro la inchi moja, na katikati ya hivyo viwili shona kipande cha ubao laini upande utakaolalia kibuyu. Zipu iwe ndefu, ifunguke begi zima, kwa sababu zeze lililosukumwa kupitia mdomo mwembamba huvunjika kidaraja. Na mwambie fundi aongeze mfuko mdogo wa nje. Hapo ndipo nyaya zako za breki zitakaa.

Sasa mchoraji. Huyu maduka anayo, na ndiyo maana anazawadiwa vibaya zaidi. Utamnunulia boksi la rangi ishirini na nne, kila moja kichupa kama dawa ya meno ya mtoto. Katika hizo kuna zambarau ambayo hatatumia maisha yake yote na kuna nyeupe itakayoisha wiki ya kwanza, kwa kuwa nyeupe huingia karibu kila mahali: kuangaza, kufifisha, kurekebisha. Wachoraji wa miambani kule Kolo, Kondoa, ambao michoro yao iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, walifika walikofika kwa nyekundu zaidi, na nyeupe, na rangi chache nyingine za udongo. Mnunulie tyubu moja kubwa ya nyeupe. Ataiona kuwa zawadi ya ajabu kwa dakika moja.

Adui yake mkubwa hapa si mkosoaji, ni hewa. Rangi za akriliki hukauka kwa maji kupotea, na uwanda huu wa kati wakati wa kiangazi, pamoja na upepo wake, unayapoteza maji hayo mbio sana. Mchoraji anachanganya rangi ya anga ya Hombolo, anageuka kuitikia "Hodi", akirudi ana plastiki. Ikishakauka hairudi hata uimwagie ziwa. Anachanganya nyingine, haifanani. Mwisho wa mwezi nusu ya rangi zake ziko kwenye ubao wa kuchanganyia badala ya kwenye turubai.

Mtengenezee trei yenye unyevu, itakugharimu chini ya kile kikombe. Chukua chombo bapa cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kile cha kuwekea chakula kwenye friji. Tandika ndani kitambaa cha sponji cha kuoshea vyombo, kilowe kabisa lakini ukikiinamisha chombo maji yasitiririke. Juu yake laza karatasi ya kuokea keki, uisugue kwa kiganja mpaka mapovu ya hewa yatoke na karatasi ishike. Rangi huwekwa juu ya karatasi hiyo. Maji hupanda kidogo kidogo kupitia karatasi na kufidia yanayopotea hewani, na mfuniko ukifungwa usiku, rangi huamka asubuhi ikiwa bado rangi. Ijaribu nyumbani kabla ya kuipeleka. Kama rangi inakauka hata hivyo, umenunua karatasi ya nta isiyopitisha maji, badilisha. Kama inachuruzika na kuingiliana, maji yamezidi; kamua kitambaa. Na ikianza kunuka kama kisima cha zamani, kitambaa kimeota ukungu, akifue na atumie maji yaliyochemshwa. Ndani ya chombo tia kipande cha sabuni ya mche. Ni sabuni nzuri ya kuoshea brashi kuliko nyingi zenye picha ya msanii wa Kifaransa kwenye boksi.

Mwandishi nilitaka nimwache kabisa, kwa sababu ni mtu wa lawama na huandika majina ya watu. Lakini hapa Dodoma haiwezekani kumruka. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 kule Ihumwa, eneo ambalo leo magari ya wakubwa hupita yakielekea Mji wa Serikali, aliandika historia na desturi za Wagogo, akatunga mashairi, akaeneza ngonjera, na yote hayo aliyafanya akiwa na kazi za serikali mchana, uliwali na uhakimu zikiwemo. Alifariki mwaka 1969. Mwandishi wa aina hiyo, mwenye ofisi asubuhi na watoto jioni, hakosi mawazo na hakosi kalamu. Anachokosa ni msomaji wa kwanza.

Kwa hiyo mpe huduma ya kusomewa. Mwombe mswada, upeleke stationari wewe mwenyewe, uchapwe upande mmoja wa karatasi, mistari iachane, pembeni pabaki nafasi ya kuandikia, ufungwe kwa springi. Lipa wewe. Kisha soma na penseli mkononi, na usisahihishe kitu. Weka alama mbili tu: mstari pembeni pale uliposahau kwamba unasoma, na duara pale ulipoiacha karatasi ukachukua simu. Mwisho wa kila sura andika kwa sentensi moja unachodhani kitafuata. Mrudishie baada ya wiki mbili, kwa tarehe uliyotaja. Yale maduara yatamuuma kwa siku mbili, halafu atagundua kwamba yote yanaangukia kwenye sura ya tatu, ambapo babu anaeleza bei za ng'ombe. Hakuna kalamu ya dhahabu inayoweza kumwonyesha jambo hilo. Kitabu kikitoka, usimwombe nakala ya bure. Nunua mbili, moja mpelekee mwalimu wa shule iliyo karibu nawe.

Nimebakiza zawadi ambayo ndiyo ngumu kuliko kufuga buibui, na inahusu kamati za harusi. Unaijua bajeti yake. Ukumbi umelipiwa, mapambo yamelipiwa, mpiga picha ametanguliziwa nusu, keki ina ghorofa nyingi kuliko nyumba ya bwana harusi, mshereheshaji hatoki kwao bila pesa mkononi. Kikifika kipengele cha burudani ya asili, mwenyekiti anatabasamu: "Huyo ni rafiki yetu, atatuunga mkono." Na kila mtu anapiga makofi, kwa kuwa ni jambo zuri sana kuungwa mkono.

Mpiga zeze huyo anakuja na vijana wake sita, kwa nauli yake. Wanapiga, wageni wananyanyuka, shangazi mmoja kutoka Mpwapwa anawatunza noti mbili, wanakula wakiwa wa mwisho, na kesho yake anatumiwa ujumbe wa shukrani wenye picha za maua. Ukihudhuria kikao cha namna hiyo, zawadi yako ni sentensi moja: "Mwenyekiti, huyo tumwandikie kiasi gani?" Sema tu hivyo, kisha nyamaza. Ukimya utakaofuata ni mrefu. Usiujaze. Mtu mmoja atataja kiasi kidogo cha aibu, mwingine ataona haya na kukiongeza. Ukiona kimekaribia kile cha keki, inatosha. Hakikisha nusu imelipwa kabla, kama ya mpiga picha, na nauli iwe kando. Rafiki yako asijue kwamba ni wewe uliyesema.

Msimu wa harusi ukianza, kamati yako itakaa. Kabla ya kikao pitia kwa fundi baiskeli, uhesabu ncha, uchukue nyaya mbili za breki ya nyuma. Na ukifika nyumbani, mwambie mwenye ufagio apumzike kidogo kwenye kona ya stoo.